Barua ya wazi kwa Meneja wa Kodi wa Mkoa: Nipeni barua ya kufunga ukaguzi wangu

Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Mwanga, Kigoma.

15 Septemba 2025

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA BARUA YA KUFUNGA UKAGUZI WA KODI WA MIAKA 2020, 2021 NA 2022

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne kuhusu jambo hili. Tatu za mwanzo nilizileta masjala kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa tarehe 10 Juni 2024, 21 Oktoba 2024 na 3 Machi 2025. Nakala zenye mihuri ninazo. Majibu sina. Ndiyo maana hii ya nne naiandika hadharani, na jina la ofisi yako pamoja na majina ya maafisa nimeyaacha kwa makusudi. Sina ugomvi na mtu. Ninachotafuta ni karatasi moja tu.

Niseme mapema kwamba silalamikii kukaguliwa. Maafisa walionikagua walikuwa na adabu, hawakuniomba hata soda, na maswali waliyouliza yalikuwa ya haki. Ninacholalamikia ni kwamba ukaguzi ulioanza kwa barua umeishia kwa maneno ya mdomo.

Kwa wasiojua kilichotokea, nieleze kwa ufupi. Tarehe 14 Agosti 2023 nilipokea taarifa ya kukaguliwa kodi ya mapato, VAT, kodi ya mishahara na kodi ya zuio kwa miaka mitatu. Ndani ya wiki mbili nikapeleka maboksi matatu: ripoti za Z za mauzo ya kila siku kutoka mashine ya risiti ya EFD, ankara za manunuzi, taarifa za benki na vitabu vya mhasibu. Oktoba maafisa wawili wakaja dukani kwa siku mbili, wakahesabu bati, nondo na saruji stoo. Tarehe 22 Januari 2024 ikaja barua ya hoja, yaani mambo ambayo wakaguzi walitaka niyatolee maelezo. Nyingi zilikuwa ndogo na tulizimaliza kwa kuonyesha stakabadhi. Iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa nzito.

Mwaka 2021 mashine yangu ilionyesha mauzo ya shilingi 260,000,000 bila VAT. Akaunti zangu mbili za benki, kwa mwaka huohuo, ziliingiza shilingi 388,100,000. Hoja ikasema: tofauti ya shilingi 128,100,000 inaonekana kuwa mauzo ambayo hayakutangazwa, toa maelezo.

Ni swali halali, na mfanyabiashara yeyote anayesoma hapa ajue kwamba hili ndilo jambo la kwanza mkaguzi hulitazama: fedha iliyoingia benki dhidi ya mauzo ya mashine. Lakini si kila shilingi inayoingia benki ni mauzo. Majibu yangu ya tarehe 9 Februari 2024 yalikuwa hivi.

Kwanza, mteja hulipa bei pamoja na VAT. Asilimia 18 ya 260,000,000 ni 46,800,000. Fedha hiyo ilipita kwenye akaunti yangu kama kodi ya serikali, na ritani za kila mwezi zinaonyesha. Kwa hiyo tangu mwanzo namba ya kulinganisha na benki ilikuwa 306,800,000, wala si 260,000,000.

Pili, Machi 2021 benki ilinikopesha shilingi 35,000,000. Mkataba wa mkopo niliuambatanisha.

Tatu, shilingi 22,500,000 nilizihamisha mwenyewe kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Ukijumlisha akaunti zote mbili bila kuangalia, fedha ileile inahesabiwa mara mbili.

Nne, shilingi 31,000,000 zilikuwa za uwakala wa pesa za simu ninaoufanya kwenye kona ya duka. Hapa ndipo maafisa walipokaa muda mrefu, na walikuwa na sababu, kwa kuwa fedha za uwakala ni mahali pepesi pa kufichia mauzo. Wafanyabiashara wa dagaa kutoka Kibirizi huniletea fedha taslimu wazitume kwa watu wao. Fedha taslimu zinajaa kwenye droo, floti inakauka kwenye laini, nami nakwenda benki kuweka zile taslimu ili ninunue floti nyingine. Kilicho changu hapo ni kamisheni tu, nayo ilishakatwa kodi ya zuio. Tulichapisha taarifa ya laini ya wakala ya mwaka mzima tukaiweka sambamba na ya benki. Mmoja wa maafisa ndiye aliyeona kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiona: fedha zile zilikuwa zinapanda na kushuka kwa mwezi wa angani. Wiki za giza, taa zinapowashwa ziwani na dagaa wanapatikana, amana zinafululiza. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wanapumzika na benki siendi. Saruji haiuzwi kwa kufuata mwezi. Nadhani ni hapo walipoamini.

Tano, shilingi 2,100,000 ziliingizwa na mtu aliyekosea namba ya akaunti, zikarudishwa siku iliyofuata.

Mwisho nikaongeza jambo ambalo halikuulizwa. Shilingi 9,300,000 za mauzo ya taslimu hazikufika benki kabisa, zililipa vibarua na kodi ya pango moja kwa moja kutoka dukani. Kwa hiyo mauzo yaliyofika benki yalikuwa 297,500,000. Ukijumlisha na zile 90,600,000 zisizo mauzo, unapata 388,100,000. Benki na mashine zimekutana, shilingi kwa shilingi.

Tarehe 18 Aprili 2024 niliitwa ofisini. Afisa aliyekuwa na faili akaniambia, mbele ya mhasibu wangu: "Mzee, mambo yako yameisha. Hatujaona kitu. Nenda kafanye kazi." Nikashukuru, tukapeana mikono. Nikauliza barua itatoka lini. Akasema itakuja.

Miezi kumi na saba imepita. Malalamiko yangu ni haya.

1. Maneno ya mdomo hayakufunga faili.

Afisa yule amehamishwa mkoa. Hilo ni jambo la kawaida serikalini na silaumu. Lakini Julai mwaka huu nilipigiwa simu na afisa mwingine akiniomba taarifa za benki za mwaka 2021. Nilipomwambia suala hilo lilishakwisha, akajibu kwa upole kabisa: "Mzee wangu, mimi faili nimelikuta halijafungwa. Ndani kuna hoja na kuna majibu yako, lakini hakuna uamuzi."

Hana kosa. Yeye anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinaishia kwenye majibu yangu. Mkutano wa Aprili haumo. Kwa mujibu wa faili, mimi bado ni mtu mwenye hoja ya shilingi 128,100,000 juu ya kichwa chake.

Na hoja hiyo ina bei. Ikichukuliwa kama mauzo yaliyofichwa, VAT yake ni shilingi 23,058,000. Ikitozwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 bila kupunguziwa gharama yoyote, ni 38,430,000. Jumla 61,488,000, riba na adhabu hazijaguswa. Duka langu lote, ukiniuzia mpaka rafu, halifiki mbali na hapo.

2. Ukimya wenu haukatiwi rufaa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu wengi hufikiri ukimya wa ofisi ya kodi ni neema. "Nyamaza, usiwaamshe," ndivyo jirani yangu wa duka la rangi anavyonishauri kila siku.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa mlipakodi njia anapotozwa kodi asiyokubaliana nayo. Anaweka pingamizi ndani ya siku 30 tangu apokee uamuzi, na analipa theluthi moja ya kodi iliyotozwa au sehemu asiyoibishania, ile iliyo kubwa, ili pingamizi lipokelewe. Asiporidhika anakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi. Njia hiyo ni ngumu lakini ipo. Mlango wake, hata hivyo, unafunguliwa na uamuzi ulioandikwa. Mimi sina uamuzi. Sijatozwa, kwa hiyo siwezi kupinga. Sijaachiliwa, kwa hiyo siwezi kusahau. Kama kesho kutwa afisa wa tatu akilichukua faili na kutoa tathmini ya kunidai zile 61,488,000, nitahitaji shilingi 20,496,000 mkononi ndani ya mwezi mmoja ili nisikilizwe tu, juu ya jambo ambalo ofisi hiyohiyo ilishaniambia limekwisha.

3. Ushahidi wangu unafutika.

Sitii chumvi. Risiti za EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi inayobadilika rangi, haina wino. Ukiiweka mahali pa moto au karibu na plastiki, maandishi yanapauka mpaka karatasi inabaki nyeupe. Maboksi yangu matatu yako kwenu tangu Agosti 2023. Nilipokuja Machi mwaka huu niliyaona kwenye korido, chini ya dirisha linalopigwa na jua la mchana. Unalijua jua la Kigoma.

Nyingi ya risiti za manunuzi humo ndani ni nakala halisi. Mhasibu alinishauri nizitoe fotokopi kabla sijazipeleka, nami nikatoa za VAT peke yake kwa kubana matumizi. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba kodi niliyotangaza ni sahihi ni wangu kisheria, na kila mwezi unaopita nauthibitisha kwa karatasi zinazozidi kupauka. Nikiulizwa upya mwaka 2026, nitajibu kwa karatasi gani?

Kumbukumbu za biashara tunatakiwa kuzitunza miaka mitano. Za 2020 zinakaribia kutimiza muda wake. Nani atathubutu kuzitupa wakati ukaguzi wake haujulikani kama uko hai au umekufa?

4. Benki inataka karatasi.

Mei mwaka huu niliomba mkopo wa kununua lori dogo la kupeleka mizigo Kasulu na Uvinza. Afisa mikopo alisoma hesabu zangu zilizokaguliwa, akakutana na maelezo aliyoandika mkaguzi wa hesabu: kwamba kuna ukaguzi wa kodi ambao matokeo yake hayajatolewa, na deni linaloweza kutokea halijaingizwa vitabuni. Mkaguzi wangu asingeweza kuandika vingine, maana alinitaka barua nami sikuwa nayo. Benki ikasema: lete barua ya kumalizika kwa ukaguzi, tuendelee. Mpaka leo hatujaendelea.

Sasa najua yatakayosemwa, kwa kuwa baadhi nimeshaambiwa kaunta.

Nimeambiwa: "Si una klirensi? Hiyo inatosha." Haitoshi, nanyi mnajua. Cheti cha klirensi kinasema kwamba siku kilipotolewa sikuwa na deni lililosajiliwa na ritani zangu zilikuwa zimefika. Hakisemi chochote kuhusu ukaguzi ulio wazi. Nimepewa klirensi mwaka 2024 na tena 2025 ili nikate leseni ya biashara, na mara zote mbili hoja ya Januari 2024 ilikuwa bado imelala kwenye faili. Vivyo hivyo salio la sifuri ninaloliona kwenye akaunti yangu ya kodi mtandaoni: linaonyesha kodi iliyokwisha kutozwa. Isiyotozwa bado haionekani pale.

Nimeambiwa pia: "Hatuna fomu ya barua hiyo." Barua ya kunitaarifu ukaguzi haikuwa na fomu, iliandikwa. Barua ya hoja nayo iliandikwa. Na jambo ninaloomba si geni duniani. Uingereza, kwa mfano, sheria yao ya usimamizi wa kodi inasema uchunguzi wa ritani ya mtu binafsi unamalizika pale afisa anapompa taarifa ya kufunga, inayosema ama hakuna marekebisho yanayohitajika, ama inayataja. Afisa akichelewa, mlipakodi anaruhusiwa kwenda barazani kuomba aamriwe kufunga. Sidai sheria ya watu. Naonyesha tu kwamba ofisi ya kodi inaweza kuandika sentensi mbili za namna hiyo na mapato ya serikali yasipungue.

Halafu lipo jibu ambalo hakuna aliyenitamkia, ila nadhani ndilo la kweli: afisa anaogopa kusaini. Akisaini kwamba hakuna kitu, kisha kikaonekana kitu, ataulizwa yeye. Naielewa hofu hiyo. Lakini barua ninayoiomba haimfungi mtu pingu. Sheria inawapa miaka mitano ya kurekebisha tathmini tangu siku ritani ilipopaswa kuwasilishwa. Kwa ritani yangu ya 2021, iliyotakiwa mwisho wa Juni 2022, hiyo ni mpaka katikati ya 2027. Na palipo na udanganyifu, ukomo huo haumlindi mtu. Mkipata taarifa mpya ambayo hamkuwa nayo, njooni, mlango uko wazi na chai ipo. Ninachokataa ni kukaguliwa upya kwa karatasi zilezile zilizokwisha kusomwa na kujibiwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, ndani ya siku 30 kutoka leo.

Naomba barua yenye kichwa cha ofisi, saini na muhuri, inayotaja namba yangu ya TIN, kumbukumbu namba ya taarifa ya ukaguzi ya 14 Agosti 2023, miaka yote mitatu na kila aina ya kodi iliyokaguliwa. Tafadhali kodi zitajwe moja moja. Barua ikisema "ukaguzi wa VAT umekamilika" peke yake, kodi ya mapato itabaki inaning'inia na benki watanirudisha palepale. Iseme kwamba hoja za 22 Januari 2024 zimejibiwa na majibu yamekubaliwa, kwamba hakuna marekebisho ya tathmini wala kodi ya ziada inayotokana na ukaguzi huo, kwamba hakuna hatua nyingine itakayofuata juu yake, na itaje tarehe uliofungwa. Nakala moja iwekwe kwenye faili, juu kabisa, afisa ajaye aikute kabla ya kuchukua simu.

Naomba pia maboksi yangu matatu yarudishwe kwa orodha, na tuyahesabu pamoja, mimi na afisa masjala. Kama kuna risiti zilizopauka, orodha iseme hivyo na tuisaini sote wawili, ili kesho nisije nikaambiwa sikuzileta.

Na kama kweli mnaona bado kuna kodi ninayodaiwa, basi nitozeni. Nipeni tathmini ya maandishi yenye hesabu na sababu. Nitakuwa na siku zangu 30, nitatafuta hiyo theluthi hata kwa kuuza pikipiki ya duka, tutaonana kwenye pingamizi. Hata hilo ni afadhali kuliko hapa nilipo.

Siku 30 zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 kwa ajili ya mambo ya namna hii. Nitaambatanisha nakala za barua zangu tatu zenye mihuri yenu, pamoja na hii.

Nipo dukani kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi. Barua ikiwa tayari, msihangaike kuileta. Nipigieni tu simu, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Mwanga, Kigoma.

Nakala:
Mhasibu wangu
Afisa mikopo wa benki
Faili